Kumdai Mtu kwa Meseji Bila Kumtisha

KOMBO: Karibuni tena. Leo ni zile meseji za kudai zinazojituma zenyewe, za wakopeshaji wa kidijitali hapa Kenya. Nafula, kazini ni wewe unayezipanga. Unaanzia wapi?

NAFULA: Kwenye malipo, kaka. Mtu amelipa kwa M-Pesa saa mbili asubuhi, lakini mfumo unatumia orodha ya wadaiwa ya jana usiku, kwa hiyo saa tatu anaambiwa hajalipa. Hata ukiweka "tafadhali" tatu, umeshamuudhi. Salio liangaliwe dakika ileile ya kutuma.

KOMBO: Na kama kweli hajalipa? Tuseme 5,000, zilitakiwa jana.

NAFULA: Ninaandika hivi: "Habari Amina. Mkopo wako wa Sh 5,000 ulitakiwa kulipwa jana, 14 Juni. Tafadhali lipa leo. Kama umeshalipa au umekwama, tupigie." Halafu namba ya simu, kwa sababu meseji inayotumwa kwa jina la kampuni haijibiki. Wengi huandika "jibu hapa", na mteja anabaki akijibu ukuta.

KOMBO: Wiki ikipita kimya?

NAFULA: Hapo unakaza, ila kwa tarehe, si kwa herufi kubwa: "Usipolipa wala kuwasiliana nasi kufikia 28 Juni, tutakupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuripoti CRB." CRB ndiyo inayoweka rekodi za wakopaji, na hizo siku 30 ni za lazima. Na deni lisilozidi shilingi 1,000 haliripotiwi kabisa, kwa hiyo kumtishia CRB mtu wa 800 ni uongo mtupu.

KOMBO: Wengine wanataja polisi.

NAFULA: Kushindwa kulipa mkopo ni kesi ya madai, polisi wanaingiaje? Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mteja.

KOMBO: Yaani mama mkwe wangu asiambiwe ninadaiwa! Wenzetu wamewahi kuadhibiwa?

NAFULA: Ndiyo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya meseji na simu za vitisho, wakitumia namba walizozipata kwa watu wengine.

KOMBO: Saa za kutuma je?

NAFULA: Mimi naishia saa kumi na mbili jioni. Mtego uko kwenye seva: nyingi zinafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Ukiandika 18:00 ukidhani ni jioni, meseji inatoka saa tatu usiku. Utagundua kwa malalamiko, au ukiweka namba yako kwenye orodha uone inaingia saa ngapi.

KOMBO: Na aliyepiga akaahidi Ijumaa?

NAFULA: Ahadi inaandikwa kwenye mfumo, na meseji zinanyamaza mpaka Jumamosi asubuhi. Mfumo usioweza kunyamaza haufai kuwashwa.