Picha moja ya jicho, masuala mawili
Mhadhara kwa wauguzi wa macho na wapima macho, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum. Picha mnayoiona ukutani ni ya mfano: jicho la kulia la mama wa miaka 58 mwenye kisukari. Anasoma 6/18 kwa jicho hili. Swali la kwanza la kila mtu hapa, nadhani, litakuwa kuhusu yale madoa mekundu. Niombe tuyaache kidogo tuanze na diski, maana macho yakishazoea kuhesabu madoa hayarudi tena kwenye neva, na huyu mama ana tatizo sehemu zote mbili.

Kwanza tujue tunaangalia jicho lipi. Kwenye picha ya jicho la kulia diski inakaa kulia kwa makula, kwa hiyo upande wa puani ni kulia na upande wa panja ni kushoto. Na tukubaliane na jambo moja la lugha. Sehemu za diski hutajwa kwa namba za uso wa saa. Nikisema namba 7, ni ile 7 iliyoandikwa kwenye saa, chini kidogo kushoto. Ukimwandikia mwenzako "saa saba" kwa Kiswahili chetu, mkono wa saa utakuwa kwenye 1, juu upande wa pili, naye atatafuta kasoro pasipo na kitu. Andikeni "namba 7".

Sasa kikombe. Diski ni duara la rangi ya chungwa, na katikati yake pana bonde jeupe zaidi. Kati ya bonde na mpaka wa diski kuna ukingo wa nyuzi za neva, na huo ukingo ndio tunaoutafuta. Kosa la kawaida ni kupima weupe. Picha haina kina, kwa hiyo jicho hushika rangi, ilhali bonde linaweza kuanza nje ya ule weupe. Fuateni mishipa badala yake. Kamba inayoteremshwa kisimani hukunja pale ukuta wa kisima unapoanza. Mshipa nao hukunja pale bonde linapoanza.

Kwenye picha hii diski ina urefu wa pikseli 200 toka juu hadi chini. Weupe una pikseli 110, yaani 0.55, na mtu angeweza kuridhika. Lakini mishipa inakunja mbali zaidi, kwenye pikseli 140. Uwiano wa kweli ni 0.7.

Je, 0.7 ni glakoma? Si lazima. Diski kubwa huwa na kikombe kikubwa tangu kuzaliwa, kwa sababu nyuzi zilezile zinapita kwenye tundu pana. Diski ndogo ni kinyume chake, na hapo hata 0.5 inaweza kutia shaka. Basi tunapima umbali wa toka katikati ya diski hadi fovea. Kwa kawaida ni kama mara mbili na nusu ya upana wa diski. Hapa ni pikseli 480, yaani mara 2.4. Diski ni ya wastani; ukubwa wake hautoi udhuru. Jicho la kushoto lina 0.45, na tofauti inayozidi 0.2 kati ya macho mawili haipuuzwi.

Kisha umbo la ukingo. Kwa watu wengi ukingo wa chini ndio mnene kuliko wote, unafuata wa juu, halafu wa puani, na wa panja ndio mwembamba. Kanuni hii ina wengi wanaoivunja wakiwa wazima, kwa hiyo haitoshi peke yake. Lakini hapa ukingo wa chini umeliwa kabisa kwenye namba 7, kama biskuti iliyong'atwa, na mshipa unaopita hapo unapinda kwa ghafla. Tukibakisha rangi ya kijani peke yake kwenye kompyuta, utepe wa giza unaonekana ukitoka hapohapo kwenda nje. Hizo ni nyuzi zilizokwisha kufa. Tunategemea upungufu wa kuona uwe upande wa juu, kwa kuwa retina ya chini ndiyo inayoona juu.

Pana na doa la damu lenye umbo la ulimi wa moto, limekaa juu ya mpaka wa diski palepale namba 7. Hili ndilo linalowachanganya wasomaji. Mgonjwa ana kisukari, basi kila tone la damu hutiwa kwenye hesabu ya kisukari. Doa jembamba la kwenye mpaka wa diski, karibu na ukingo ulioliwa, litazameni kama alama ya glakoma. Presha ya jicho ikiwa chini ya 21 haliondoki shakani, kwani glakoma huweza kuwapo na presha ya kawaida.

Sasa twende kwenye madoa. Kwanza vumbi la lenzi: doa linalobaki pahali pamoja kwenye picha ya jicho la kulia na la kushoto si la mgonjwa. Futeni lenzi, pigeni tena.

Daraja za kisukari zimepangwa hivi. Vivimbe vidogo vya mishipa peke yake ni hafifu. Mishipa mipya, au damu mbele ya retina, ni daraja la juu kabisa. Katikati ndipo penye kazi: ya wastani au kali? Kanuni ni 4-2-1. Gawanyeni retina robo nne. Ni kali iwapo kila robo kati ya zote nne ina madoa ya damu zaidi ya 20. Au vena zimevimba kama shanga kwenye robo 2. Au vimishipa vilivyopanuka na kupindapinda ndani ya retina, vinavyoandikwa IRMA, vinaonekana wazi kwenye robo 1. Moja tu kati ya hizo tatu latosha.

Hesabu yetu: robo ya juu ya panja madoa 24, ya chini ya panja 22, za puani 9 na 6. Robo mbili tu, haitoshi. Shanga zipo robo moja, hazitoshi. Wengi wanaishia hapa na kuandika "ya wastani". Lakini tazameni robo ya juu ya panja. Kuna kijishipa kilichopinda, kimelala ndani ya retina, wala hakikatizi juu ya mshipa mkubwa. Kingekatiza, tungekishuku kuwa kipya. Hii ni IRMA, na daraja ni kali. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, ETDRS, karibu nusu ya macho ya daraja hili yalipata mishipa mipya ndani ya mwaka mmoja.

Kumbukeni kanuni hii ilitokana na picha saba za kila jicho. Sisi tunapiga mbili za digrii 45, na pembezoni hapaingii. Mkihesabu 18, huenda zipo zaidi nje ya picha. Na mtoto wa jicho akifanya picha iwe na ukungu, vimishipa hivi ndivyo vinavyopotea mwanzo. Hapo andikeni "haisomeki", msiandike "hakuna ugonjwa".

Makula hupewa daraja yake peke yake. Mafuta yaliyoganda yako ndani ya upana wa diski moja kutoka fovea, na anasoma 6/18. Picha bapa haionyeshi unene, kwa hiyo uvimbe tunaushuku tu. OCT ndiyo itakayoupima.

Kwenye barua ya rufaa, basi, mistari iwe mitatu: wa kwanza retina ya kisukari, kali, kwa IRMA robo ya juu ya panja; wa pili makula, mafuta karibu na fovea, aangaliwe kwa OCT; wa tatu diski, uwiano wa wima 0.7 kulia na 0.45 kushoto, ukingo umeliwa namba 7 pamoja na doa la damu, apimwe presha, pembe ya jicho na uwanja wa kuona. Mstari wa tatu ndio unaosahauliwa, na daktari wa leza akipokea barua isiyo nao ataitibu retina na kumrudisha mama nyumbani.