Kutoka Maskati: miezi yangu 58 iliyobaki NSSF

Asalaam alaikum ndugu zangu wa Tanzania, na nyie mlioko huku Ghuba. Leo narudi kwenye swali mnaloniuliza sana: uliacha kazi nyumbani, umekuja Omani, ile michango yako ya NSSF ndiyo imekufa?

Haijafa. Pensheni ya uzeeni inataka ufike miaka 60, au 55 ukiamua kustaafu kwa hiari, na uwe na michango isiyopungua miezi 180. Hiyo miezi si lazima ifuatane. Ukikatisha miaka miwili ukarudi, ya nyuma bado inahesabiwa. Lakini ukistaafu una miezi 150, hupati pensheni ya kila mwezi, unapewa mkupuo basi. Huku nako, wageni hatuna pensheni ya uzeeni, tunategemea kiinua mgongo mkataba ukiisha.

Mimi nilifanya kazi hotelini Arusha miezi 110. Kabla sijaanza kuchangia kwa hiari niliomba taarifa ya michango, ikasoma 103. Miezi saba nilikatwa mshahara, ila mwajiri hakupeleka. Hapo ndipo slipu za mshahara zilipookoa. Mama alikuwa amezihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Akazipiga picha moja moja: tano zilionekana, mbili wino umefutika kabisa. Dada alizipeleka ofisi ya NSSF, wakamfuatilia mwajiri, miezi mitano ikaingia. Hesabu ikawa 108. Ile miwili nimeipoteza, na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nyie mnaojiandaa kusafiri, chukueni taarifa ya michango mkiwa bado nyumbani, muilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi.

Kulipa kwenyewe: naendelea na namba yangu ileile ya uanachama. Usijisajili upya, utakuwa na namba mbili na miezi imegawanyika. Natuma pesa kwa dada, anachukua kontrol namba, analipa kwa simu. Mwanzoni nilimtumia ya miezi mitatu kwa pamoja, hatukutaja ni ya miezi gani. Ikaonekana kama mchango mmoja mkubwa. Fikirieni, pesa imeingia yote, lakini kwenye zile 180 nimesogea hatua moja tu! Dada alirudi ofisini na risiti, ikagawanywa. Siku hizi nataja mwezi na mwaka kila ninapolipa, na baada ya wiki mbili naomba taarifa nihesabu mistari, siyo shilingi.

Haya, hii hapa kwenye skrini ni ya juzi, namba yangu nimeificha. Chini kabisa, mnaiona? 122. Nina miaka 41, zimebaki 58.