Neno la Mwenyekiti: Mikopo Chechefu Ikae Aya ya Kwanza

REHEMA: Leo tunashughulikia dibaji ya taarifa ya mwaka ya SACCOS. Tuweke mfano wa kubuni. Akiba za wanachama zimetoka shilingi bilioni 1.8 hadi 2.2, lakini mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, nayo imetoka 4% hadi 11% ya mikopo yote. Rasimu ya mwenyekiti inaanza: "Mwaka huu chama chetu kimepiga hatua ya kihistoria."

IDI: Na hiyo mikopo chechefu iko wapi?

REHEMA: Aya ya sita, baada ya shukrani. "Kulijitokeza changamoto za marejesho."

IDI: Hapo ukumbi utaguna, maana gawio limeshuka na kila mtu anataka kujua kwa nini. Mimi, dada Rehema, ningeiweka rasimu hiyo kando kwanza. Chukua dibaji ya mwaka jana, pigia mstari kila ahadi, andika pembeni kama imetimia. Kama waliahidi kubakiza mikopo chechefu chini ya 5%, dibaji mpya ianzie hapo.

REHEMA: Kisha sababu. Wengi hukimbilia mvua na hali ya uchumi. Huenda mvua ilichelewa kweli, lakini fungua mihutasari ya vikao vya bodi. Katika mfano wetu, bodi iliruhusu mtu akope mara nne ya akiba yake badala ya mara tatu, na idadi ya wadhamini ikabaki ileile.

IDI: Basi mwenyekiti aandike hivi: "Tuliwaahidi kubakiza mikopo chechefu chini ya 5%. Imefika 11%. Sisi wajumbe wa bodi tulipandisha kikomo cha mkopo bila kuongeza wadhamini, na uamuzi huo ni wetu, si wa watumishi. Tangu Machi tumerudisha kikomo cha mara tatu. Hali ya marejesho itabandikwa ofisini kila robo mwaka."

REHEMA: Ona, hajajidhalilisha popote. Akiomba radhi mara tatu bila kutaja uamuzi wenyewe, wanachama hawana cha kumhoji.

IDI: Na zile bilioni 2.2? Hilo ni jambo jema, lisifichwe.

REHEMA: Liwe aya ya pili, kwa shilingi na si kwa asilimia pekee. Ila kama akiba zimepanda kwa sababu mchango wa lazima wa kila mwezi uliongezwa, aseme. Vinginevyo anajisifia makato ya wanachama wenyewe.

IDI: Majina ya wadaiwa yasiingie, wala undani wa kesi iliyo mahakamani.

REHEMA: Naam. Na kuna kosa moja la ratiba, kaka Idi. Dibaji huandikwa mkaguzi akiwa bado anakagua. Akihamishia mikopo zaidi kwenye kundi la chechefu, 9% ya rasimu inakuwa 11% kwenye hesabu, na dibaji inachapwa na ile 9%. Mwanachama akifungua kurasa zote mbili, atadhani amedanganywa.

IDI: Kwa hiyo acha nafasi wazi penye tarakimu hadi hesabu zisainiwe, halafu mhasibu azijaze na kuandika pembeni ukurasa ilikotoka kila moja.