Mbuta, Ndege na Madai: Kumchagulia Mwanafunzi Dokumentari ya Ziwa

WEKESA: Karibuni tena katika kipindi chetu kinachorekodiwa hapa Kisumu. Leo ninaye Mwalimu Achieng, anayefundisha Biolojia, kwa sababu mzazi mmoja wa Kondele ametuuliza amwonyeshe bintiye wa Kidato cha Tatu dokumentari gani kuhusu Ziwa Viktoria. Binti huyo anapenda historia na sayansi kwa pamoja, na rafiki yake amempendekezea filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Mwalimu, wewe ungemruhusu aitazame?

ACHIENG: Ningemruhusu, Bwana Wekesa, lakini si peke yake, na si kama filamu ya kwanza. Ilitolewa mwaka wa 2004 na Hubert Sauper, mtengenezaji filamu kutoka Austria, na ilipigwa upande wa Mwanza. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, jambo ambalo huwafanya wazazi wengi waamini kwamba kila kilichomo kimethibitishwa. Tuzo hupewa ustadi wa usimulizi, na haina maana kwamba kuna mtu aliyeketi akakagua madai moja baada ya jingine.

WEKESA: Kwa wasikilizaji ambao hawajaiona, inasimulia nini?

ACHIENG: Inamhusu mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara. Minofu yake inakatwa viwandani na kupakiwa katika ndege za mizigo kuelekea Ulaya, huku wakazi wakibaki na vichwa na mifupa. Kuna watoto wa mitaani, kuna wanawake wanaouza miili yao kwa marubani, na juu ya yote kuna swali linaloulizwa tena na tena: ndege hizo zinapokuja, zinabeba nini? Filamu haina msimulizi. Tunasikia watu wakizungumza na tunasoma maandishi machache tu kwenye skrini.

WEKESA: Nami ningedhani kwamba kukosa msimulizi kunaifanya iwe ya kweli zaidi, kwa kuwa hakuna anayetuelekeza cha kuwaza.

ACHIENG: Wengi hudhani hivyo, lakini hapo ndipo mwanafunzi anapohitaji msaada wetu. Anayepanga picha anaweza kukuongoza bila kutamka neno. Akikuonyesha ndege ikitua, kisha mtu anayezungumzia vita, kisha ndege ikipaa, utaunganisha mwenyewe na kuamini kwamba umeona silaha. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu wagawe ukurasa wa daftari katika safu tatu: kilichoonekana na kamera, kilichosemwa na mtu, na kile ambacho mtazamaji ameachiwa akiunganishe mwenyewe.

WEKESA: Hebu tujaribu na hizo silaha.

ACHIENG: Katika safu ya kwanza utaandika ndege na samaki. Katika ya pili utamwandika rubani anayeeleza kwamba aliwahi kupeleka zana za kivita Angola na kurudi Ulaya akiwa na zabibu. Ushahidi huo ni mzito na haupaswi kudharauliwa, ila unahusu Angola. Silaha zikishushwa Mwanza hazionekani popote katika filamu, kwa hiyo dai hilo linaangukia safu ya tatu. Mwaka wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hiyo hadharani. Huko Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi, Sauper akamshtaki kwa kumharibia jina, naye Sauper akashinda. Mwanafunzi wa historia afahamu kwamba ushindi huo ulihusu heshima ya mtu na haukuongeza picha hata moja katika safu ya kwanza.

WEKESA: Na ile mifupa? Wakosoaji walisema kwamba mapanki mengi ya Mwanza, yaani hiyo mifupa na vichwa vya mbuta, yalikuwa chakula cha mifugo.

ACHIENG: Hilo binti wa Kondele anaweza kulichunguza upande wa huku bila kupanda hata matatu ya mbali. Aende Obunga awaone akina mama wanaokaanga mgongo wazi, kama tunavyoiita mifupa hiyo huku kwetu, kisha awaulize kwa adabu wanainunua wapi, nani huila na kwa bei gani. Atagundua kwamba watu huila kweli na kwamba biashara hiyo inalisha familia, na hapo atakuwa na la kusema kuhusu uchumi ambalo halimo katika filamu. Asichoweza kufanya ni kulitumia jibu la Obunga kuamua yaliyotokea Mwanza.

WEKESA: Twende kwenye sayansi, kwa maana kichwa chenyewe kinamtaja Darwin.

ACHIENG: Hapo ndipo ninapoilalamikia zaidi. Maelezo yanayoitangaza filamu yanasema kwamba mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1960 kama jaribio dogo la kisayansi. Kwa hakika uingizaji ulianza katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, na lengo lilikuwa kuongeza mapato ya uvuvi. Mbuta aliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na fulu, wale samaki wadogo waliokuwa na aina zinazokadiriwa kuzidi 500, wakapungua vibaya. Inakisiwa kwamba aina karibu 200 zilitoweka.

WEKESA: Basi filamu imesema kweli kwamba mbuta aliwamaliza.

ACHIENG: Imesema sehemu moja. Maji nayo yalichafuka kwa udongo na maji taka, mwani ukaongezeka, na mwanga ukapungua chini ya maji. Fulu jike humchagua dume kwa rangi yake, kwa mfano mwekundu au wa buluu. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji yakiwa na tope rangi hazionekani vizuri, majike hushindwa kutofautisha, na aina mbili huzaana na kuwa moja. Kwa maneno mengine, aina inaweza kupotea bila samaki hata mmoja kuliwa. Dokumentari yenye adui mmoja haina nafasi ya kueleza hayo, kwa sababu tope halina sura ya kutisha kwenye skrini.

WEKESA: Kwa hiyo mzazi akipewa filamu yoyote ya mazingira, atafute kama kuna sababu zaidi ya moja?

ACHIENG: Ndiyo, na aangalie pia mwaka wa kupigwa picha, ambao mara nyingi huandikwa mwishoni kabisa, mahali ambapo sisi huwa tumeshazima. Chukua mfano wa Nakuru. Filamu nyingi za zamani zinaonyesha heroe wakiwa wameifunika pwani yote ya ziwa. Tangu takriban mwaka wa 2010 maji yamepanda, chumvi na magadi vikapungua nguvu, na viumbe vidogo ambavyo heroe huvila vikapungua, hivyo ndege wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Filamu hizo hazikudanganya, ila mtoto atakayeziandika katika insha kama hali ya leo atakosolewa na mkazi yeyote wa Nakuru.

WEKESA: Turudi kwa mzazi wetu. Aanze na nini?

ACHIENG: Aanze na filamu fupi ya kisayansi kuhusu fulu na jinsi walivyozaa aina nyingi kiasi hicho, ili binti ajue kwanza kilichopotea. Ya Sauper ifuate, mzazi akiwa ameitazama peke yake kabla, kwa kuwa ina ukahaba, na watoto wanaovuta gundi, na hayo si ya kushtukizwa nayo sebuleni mbele ya wadogo zake. Ni ya dakika 107. Mimi ningeigawa katika jioni mbili, na daftari liwe mezani tangu mwanzo.