Hesabu ya chupa katika barua ya kuomba insulini

(Mhadhara kwa wauguzi wa kliniki za kisukari, Dodoma, kama ulivyotolewa na muuguzi mstaafu)

Ndugu wauguzi wenzangu, waratibu, na wafamasia mliopo hapa, nawashukuru kwa nafasi hii. Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena, kwa sababu bado ninaletewa barua za kuomba insulini na stripu za kupimia sukari ambazo hazina namba hata moja ndani yake.

Nilipokuwa kazini niliandika barua ya namna hiyo mimi mwenyewe. Iliandikwa kwa adabu zote, ikasema kwamba wagonjwa wanateseka, kwamba dawa hazitoshi, na kwamba tunaomba tupatiwe insulini na stripu "za kutosha". Baada ya wiki kadhaa nilijibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na linafanyiwa kazi, na robo iliyofuata tuliletewa kiasi kilekile tulichozoea kuletewa. Kwa muda mrefu nilimlaumu aliyenijibu. Leo nasema wazi kwamba mtu yule hakuwa na namna ya kunisaidia, kwa sababu neno "za kutosha" haliwezi kuingizwa kwenye hati ya kuagiza dawa.

Sasa tuchukue kituo kimoja cha afya chenye wagonjwa 64 wa kisukari kwenye rejista, na kati yao sita wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30. Mtoto wa kwanza anachoma yuniti 12 kwa siku, wa pili 16, msichana wa sekondari 20, na watu wazima watatu wanachoma 28, 40 na 44. Jumla ni yuniti 160 kwa siku. Tunaagiza kwa siku 84, yaani wiki kumi na mbili. Muuguzi mwenye haraka atazidisha 160 kwa 84, apate yuniti 13,440, kisha agawanye kwa 1,000, kwa kuwa chupa ya mililita 10 ina yuniti 100 katika kila mililita. Atapata chupa 13 na kidogo, ataandika 14, na atalala usingizi akiamini amefanya kazi yake.

Hesabu hiyo si sahihi, na hapo ndipo watoto wetu wanapoumia. Chupa ya insulini ikishatobolewa kwa sindano hutumika kwa takriban wiki nne, halafu inatakiwa kuachwa hata kama bado ina dawa. Yule mtoto wa yuniti 12 atatumia yuniti 336 katika siku 28, na chupani zitabaki 664. Yuniti hizo haziwezi kumiminiwa mgonjwa mwingine, wala mama yake hapaswi kuendelea nazo mwezi wa pili na wa tatu. Kwa hiyo mtoto huyo anahitaji chupa tatu katika wiki kumi na mbili, ingawa kwa hesabu ya yuniti alitakiwa kumaliza chupa moja na kidogo sana tu. Vivyo hivyo kwa wa 16, wa 20 na wa 28, kila mmoja chupa tatu, na hizo ni 12. Wa yuniti 40 na wa 44 wanamaliza chupa kabla haijafikisha wiki nne, hivyo kwao tunahesabu yuniti: 3,360 na 3,696, yaani chupa nne kwa kila mmoja. Jumla ni chupa 20. Tofauti ya 14 na 20 ni chupa sita, na wanaokosa chupa hizo ni wale wenye dozi ndogo, ambao katika kliniki zetu mara nyingi ndio watoto. Kama mgonjwa anatumia aina mbili, ya maji maangavu na ya mawingu, kila aina ina chupa yake na inahesabiwa peke yake.

Najua yupo atakayeniuliza: "Mama, chupa yenye nusu ya dawa tutaitupaje wakati wengine hawana kabisa?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi na sikasiriki, kwa sababu swali linatoka kwa mtu anayejua uhaba. Niliwahi kupokea mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake alikuwa akiendelea na chupa moja kwa wiki ya kumi, baada ya sisi wenyewe kumwambia kwamba nyingine haijafika. Alikuwa akimchoma kila siku bila kukosa, asubuhi na jioni, kwa dozi ileile. Mtoto aliletwa akiwa anakunywa maji bila kukoma, anatapika, tumbo linamuuma, anavuta pumzi ndefu na nzito, na mdomo wake unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilipoishika chupa na kuizungusha taratibu kiganjani, mawingu hayakuchanganyika. Vipande vidogo vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania kwenye kioo. Tulimwanzishia dripu tukampeleka hospitali, na alipona. Mama yule alikuwa akilia akisema hakuruka hata sindano moja, na alisema kweli. Tangu siku hiyo sijakubali tena hesabu ya yuniti peke yake.

Kwenye zile chupa 20 ongezeni akiba ya mwezi mmoja, ambayo ni chupa saba, mpate 27. Ondoeni zilizopo kwenye friji siku ya kuandika, tuseme tatu. Ombi lenu ni chupa 24. Hiyo ndiyo namba ya barua.

Kuna wanaosema barua haina kazi siku hizi kwa kuwa maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa eLMIS. Ingizeni kwenye mfumo, sikatai. Lakini makadirio ya kuagiza huegemea matumizi yaliyopita, na matumizi yaliyopita hayaonyeshi mgonjwa aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Kituo chetu kikitoa chupa 10 katika siku 84, anayesoma taarifa ataona kituo kinachohitaji chupa 10. Mkifungua leja ya stoo mkahesabu siku, mtakuta insulini ilikuwepo siku 42 tu, na siku 42 nyingine salio lilikuwa sifuri. Chupa 10 kwa siku 42 ni chupa 20 kwa siku 84. Mkiacha kueleza hilo, uhaba wa robo hii unakuwa ndio kipimo cha robo ijayo. Barua ndiyo mahali pa kulieleza, kwa sentensi mbili, na nakala ya ukurasa wa leja ikiwa imeambatishwa.

Kuhusu anayeandikiwa, tafadhali msimwandikie Afisa Afya wa Wilaya. Dawati lake ni la usafi wa mazingira, na barua itazunguka hapo hadi isahaulike. Anayeandikiwa ni Mganga Mkuu wa Wilaya, kupitia kwa Mganga Mfawidhi wa kituo chako, na nakala iende kwa Mfamasia wa Wilaya na kwa mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza. Nitawasomea kiini chake:

"YAH: MAOMBI YA INSULINI NA STRIPU ZA KUPIMIA SUKARI KWA WIKI 12

Husika na somo la hapo juu. Kliniki yetu ina wagonjwa 64 wa kisukari, ambapo sita wanatumia insulini, wakiwemo watoto wawili. Katika siku 84 zilizopita insulini haikuwepo kwa siku 42, kama inavyoonekana kwenye nakala ya leja iliyoambatishwa, hivyo chupa 10 zilizotolewa haziwakilishi mahitaji halisi. Mahitaji ni chupa 20, na mchanganuo wa kila mgonjwa kwa dozi bila majina umeambatishwa. Pamoja na akiba ya mwezi mmoja na baada ya kuondoa chupa tatu zilizopo, tunaomba chupa 24 za insulini ya mchanganyiko 70/30. Tunaomba zifike kwa awamu tatu za chupa nane kila baada ya wiki nne, kwa kuwa friji yetu ni ndogo."

Hilo la awamu ndilo hasa maana ya upatikanaji wa uhakika. Chupa 24 zinazofika siku moja halafu kimya cha miezi mitano hazimsaidii mtoto kama chupa nane zinazofika kila baada ya wiki nne.

Kwa stripu, tenganisheni mistari miwili. Wa kwanza ni stripu za kliniki: wagonjwa 58 wasiotumia insulini, kipimo kimoja kila hudhurio la mwezi, ni stripu 174, na boksi la stripu 50 linakupa maboksi manne. Ongezeni mawili kwa wanaoletwa wakiwa wamezidiwa na kwa wanaopimwa mara ya kwanza. Mstari wa pili ni stripu za nyumbani: wagonjwa sita, vipimo viwili kwa siku, ni stripu 168 kwa kila mmoja, yaani maboksi manne kila mtu, jumla 24. Mkiandika 30 kwa pamoja, na bajeti ikapunguzwa, hamtajua kilichokatwa ni cha nani. Mkizitenganisha, anayepunguza ataona kwamba anamwondolea mtoto kipimo cha kabla ya kulala, na pengine ataacha kukata.

Na andikeni jina na modeli ya mashine mnayotumia, kama ilivyochapwa mgongoni mwake. Niliwahi kupokea maboksi kumi ya stripu mpya ambazo hazikuingia kwenye mashine hata moja tuliyokuwa nayo. Zilikaa kabatini hadi zikaisha muda, na kwenye taarifa tulionekana tuna akiba kubwa ya stripu.

Naona muda unanipita, kwa hiyo mengine nayataja tu. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa kuwa ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mgonjwa asiye na friji aifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, aiweke katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowanishwa. Hewa kavu ya huku kwetu inasaidia sana chungu kupoa. Mabomba ya sindano nayo yaombwe, ya yuniti 100, kwenye barua hiyohiyo. Na Bohari ya Dawa ikieleza kwamba bidhaa haipo, ombeni kwa maandishi inunuliwe kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi wa mkoa, kupitia utaratibu wa Jazia. Utaratibu huo ulianzia mkoani kwetu hapa mwaka 2014, na sielewi kwa nini bado wapo watu wa Dodoma wanaokaa na taarifa ya "haipo" mezani miezi miwili bila kuchukua hatua ya pili.

Barua ikishasainiwa, ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye dispachi, iandikwe tarehe na jina la aliyeipokea. Siku ya kumi na nne rudini na dispachi hiyo mkononi, muulize chupa nane za kwanza zitatoka lini.