Pengo Moja au Mapengo Mawili: Kumsaka Muamala Uliosomwa Vibaya

Ndugu zangu, karibuni. Leo nataka tuzungumzie safu moja tu ya taarifa ya benki, ile ya mwisho kulia: salio. Tunaposkani taarifa na kuiachia programu isome tarakimu, safu hiyo ndiyo shahidi wetu, kwa sababu kila salio limezaliwa na salio lililo juu yake. Chukua salio lililotangulia, toa kilichotoka, jumlisha kilichoingia. Lazima upate salio la mstari huo. Usipolipata, kuna tarakimu imesomwa vibaya, au mstari mzima umerukwa.

Wengi hujumlisha yote kuanzia salio la mwanzo, kisha hulinganisha na salio la mwisho. Njia hiyo naiona dhaifu. Kama kiasi kimesomwa vibaya, utajua kuna kosa lakini hutajua liko wapi. Na kama kilichosomwa vibaya ni salio la katikati, jumla itakubali vizuri kabisa na kosa litabaki humo humo. Kwa hiyo kagua mstari kwa mstari. Tuseme fedha zilizotoka ziko safu C, zilizoingia safu D, salio safu E, na salio la mwanzo liko E2. Katika F3 andika hivi, kisha uvute hadi chini:

```
=ROUND(E3-(E2-C3+D3),2)
```

Hiyo `ROUND` msiiache. Bila yake kompyuta inaweza kukuonyesha tofauti ndogo mno ya desimali, ukahangaika na kosa ambalo halipo. Na kama taarifa yenu huanza na muamala mpya juu, igeuzeni kwanza.

Sasa tazameni mfano huu. Salio la mwanzo ni 48,215.00. Muamala wa kwanza unatoa 3,400.00, salio 44,815.00. Wa pili unaingiza 12,650.00, salio 57,465.00. Wa tatu unatoa 8,130.00, salio 49,335.00. Wa nne unatoa 1,275.00, salio 48,060.00. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema.

Programu ikasoma salio la muamala wa tatu kuwa 49,835.00: 3 imegeuka 8, jambo la kawaida wino unapofifia. Safu F itaonyesha nini? Muamala wa tatu, 500. Muamala wa nne, -500. Baada ya hapo, sifuri tupu. Mapengo mawili yanayofuatana, yenye ukubwa sawa na alama zinazopingana, maana yake salio la mstari wa juu ndilo bovu. Salio hilo limetumika mara mbili, kwanza kama jibu, halafu kama mwanzo wa hesabu inayofuata, ndiyo maana limeharibu mistari miwili.

Turudi nyuma. Salio limesomwa sawa, lakini kile kiasi cha 8,130.00 kimesomwa 3,130.00. Hapo muamala wa tatu unaonyesha -5,000, na wa nne unaonyesha sifuri. Pengo moja, peke yake. Kiasi hutumika mara moja tu, kwa hiyo huvunja mstari wake na kuishia hapo.

Pengo lenyewe pia linazungumza. Tarakimu moja ikikosewa, pengo huwa na tarakimu moja ikifuatwa na sifuri: 500 inakupeleka nafasi ya mamia, 5,000 nafasi ya maelfu. Pengo likiwa mara mbili ya kiasi cha mstari huo, fedha iliyotoka imewekwa kwenye safu ya zilizoingia, au kinyume chake. Likiwa namba ya ovyo kama 2,740.50, mimi huanza kutafuta mstari uliorukwa, hasa ukurasa unapogeuka.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila ninapolikuta. Mtu anaona pengo la -5,000 kwenye muamala wa tatu, anaona kuwa 57,465 ukitoa 3,130 ni 54,335, basi anaandika 54,335.00 kwenye salio ili mstari ukubali. Mstari unakubali kweli. Lakini pengo limehamia muamala wa nne, na sasa linasimama peke yake, kana kwamba 1,275.00 ndiyo yenye kosa. Akiendelea hivyo atakuta pengo lile lile la -5,000 likimtangulia hatua kwa hatua hadi mstari wa mwisho, na safu nzima ya salio itakuwa ni ya kwake, si ya benki. Ukikuta faili la namna hiyo, usijaribu kulirekebisha kwa hesabu. Fungua picha ya ukurasa, rudi pale karatasi na faili zilipoachana kwa mara ya kwanza, na usome ile tarakimu kwa macho yako.