Kichwa cha Sehemu ya Mwongozo Kiseme Kazi ya Msomaji

Ndugu zangu, tuchukue programu ya kutoa ankara. Mwongozo wake, kama ulivyoandikwa na waundaji, una sura tatu: «Moduli ya Ankara», «Hali za Rekodi» na «Usimamizi wa Ruhusa». Sasa mhasibu ametuma ankara yenye kiasi kisicho sahihi, na mteja yuko kwenye simu. Afungue sura ipi? Kitufe anachokihitaji kimeelezwa katika sura ya kwanza, sababu ya kitufe hicho kufifia iko katika ya pili, na mwenye ruhusa ya kukibonyeza ametajwa katika ya tatu. Hakuna sura iliyokosea, ila zimefuata mgawanyo wa msimbo wa programu, na mhasibu hajawahi kuuona msimbo huo.

Tuipange upya. Sehemu iwe moja, na kichwa chake «Kufuta ankara uliyokwisha kuituma». Hapo mwundaji atakuja juu: «Lakini haifutwi! Inabatilishwa, na namba yake inabaki kwenye kumbukumbu!» Ni kweli, na kitufe kwenye skrini kimeandikwa «Batilisha». Hata hivyo, mhasibu akiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, ataandika «kufuta». Kwa hiyo kichwa kibaki na neno lake, na sentensi ya kwanza imwekee mambo sawa: ankara iliyotumwa haifutiki, unaibatilisha kisha unatoa mpya. Baada ya hapo taja sharti kabla ya hatua: lazima uwe na ruhusa ya msimamizi, la sivyo kitufe kitafifia. Ndipo zifuate hatua, kila moja na tendo lake: fungua ankara, bonyeza «Batilisha», andika sababu, thibitisha. Ndani ya hatua, jina la kitufe liandikwe vilevile linavyosomeka kwenye skrini. Hapo maneno ya msomaji hayana nafasi. Malizia kwa kumwambia atakachokiona: ankara ina alama ya «Imebatilishwa».

Maneno ya msomaji usiyabuni mezani kwako. Yatafute kwenye ujumbe unaofika dawati la huduma, na hasa kwenye orodha ya maneno yaliyotafutwa ndani ya mwongozo bila kuleta jibu.

Kuna mtego mmoja. «Kusimamia ankara» inasikika kama kazi, kumbe ni moduli ileile iliyovalishwa kitenzi. Jiulize, mtu anaweza kusema «nimemaliza kusimamia ankara»? Hawezi. Ivunje mpaka upate kazi zenye mwisho. Orodha ya mipangilio na jedwali la ujumbe wa hitilafu, hizo ziacheni nyuma ya mwongozo kama marejeo; hazilazimiki kuwa kazi.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu asiyeijua programu orodha ya yaliyomo peke yake, bila kurasa za mwongozo. Mwambie: «Umetuma ankara yenye kosa. Ungefungua wapi?» Usimsaidie. Watu kadhaa wakielekea sehemu ileile isiyo sahihi, vichwa vyote viwili virekebishwe: kile walichokiruka na kile kilichowavuta.